Kufuta kumbukumbu ya kikokotoo kabla ya karatasi ya Hisabati: kinachofutika na kinachobadilika

Swali: "Wakuu, shikamooni. Niko Kidato cha Sita, tahasusi ya PCM, hapa Kasulu. Natumia fx-991MS, na kaka amenitumia fx-CG50 ya kuchora grafu. Nasikia wasimamizi wanafuta kumbukumbu ya kikokotoo mlangoni. Je, wakifuta napoteza nini? Na hiyo fx-CG50 nikiiweka kwenye hali ya mtihani, nitaruhusiwa kuingia nayo?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimefundisha Hisabati na kusimamia mitihani hapa Tabora kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona nikiwa upande wa msimamizi.

Nianze na fx-CG50 kwa sababu jibu lake ni fupi. Katika karatasi za Kidato cha Sita nilizosimamia, maelekezo ya Baraza la Mitihani yameruhusu vikokotoo visivyopokea programu pekee, na fx-CG50 inapokea programu. Hali ya mtihani iliyomo ndani yake ilitengenezwa kwa ajili ya mitihani ya mabaraza mengine yanayoruhusu vikokotoo vya grafu. Ukishikilia `cos` na `7` huku ukibonyeza `AC/ON`, kisha ukakubali maelezo yanayotokea, fremu huanza kumeta pembeni mwa skrini, na programu pamoja na kumbukumbu ya kuhifadhia hufungwa. Zingatia kwamba hufungwa tu, hazifutwi: ukikiunganisha kikokotoo na kompyuta au na kikokotoo kingine, au saa 12 zikipita, kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Kwa msimamizi wetu fremu hiyo haibadilishi chochote, kwa kuwa anachotazama ni aina ya kifaa. Kiache bwenini, wala usikifikishe mlangoni kwa matumaini ya kujieleza.

Sasa tuje kwenye fx-991MS, ambako ndiko watahiniwa wengi huumia bila kujua. Kifaa hiki hakina mahali pa kuandika maelezo wala kanuni. Kinachobaki ndani yake ni namba zilizowekwa kwenye herufi A hadi F, M, X na Y, jibu la mwisho, matriki na vekta, data za takwimu, pamoja na mipangilio. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kufuta kumbukumbu ya kifaa cha namna hii husaidia kidogo sana kuzuia udanganyifu. Ufutaji wenyewe hufanyika hivi:

```
SHIFT  MODE  3  =
```

Hiyo `3` ni `All`, yaani namba zilizohifadhiwa na mipangilio kwa pamoja. Namba hutazihitaji, lakini mipangilio ni jambo zito, kwa sababu kikokotoo hurudi kwenye hali kilichotoka nayo kiwandani, na hali hiyo hupima pembe kwa nyuzi. Kama tangu muhula uliopita ulikuwa umekiweka kwenye radiani kwa ajili ya kalkulasi, baada ya kufutwa kitakuwa kwenye nyuzi, na hakitakupa onyo lolote isipokuwa herufi ndogo `D` juu ya skrini mahali palipokuwa na `R`.

Chukua mfano wa integresheni ya sin x kuanzia 0 hadi π/2. Jibu lake ni 1, na hata kwa mkono utalipata. Kikokotoo kilichoko kwenye nyuzi kitakupa takriban 0.0215, kwa kuwa kimeichukulia 1.5708 kama nyuzi moja na nusu hivi, badala ya robo ya duara. Ubaya wa kosa hili ni kwamba jibu linatoka likiwa safi, lenye desimali za kutosha, na mtahiniwa mwenye haraka analinakili tu. Katika karatasi ya kwanza ya Hisabati ya Juu, swali la kwanza kwa kawaida limekuwa la kutumia kikokotoo moja kwa moja, na huko hakuna hatua nyingi za kumwonyesha msahihishaji kwamba njia ulikuwa unaijua.

Kipimo cha kujua uko wapi huchukua sekunde chache: andika sin 30. Ukipata 0.5, uko kwenye nyuzi. Ukipata −0.988, uko kwenye radiani. Ukipata 0.454, kuna mtu amekupeleka kwenye gradi, ambazo hutazihitaji kabisa. Kwenda radiani katika fx-991MS bonyeza `MODE` mara nne kisha `2`. Kurudi nyuzi ni hivyo hivyo, ila unamalizia na `1`.

Hata hivyo kufuta kuna faida moja kubwa, nayo iko kwenye takwimu. Data ulizoingiza jana hazifutiki kwa kuzima kifaa. Tuseme swali limekupa 12, 15, 18, 21 na 24. Wastani ni 18 na mkengeuko sanifu ni 4.243. Kama ndani zilibaki 40 na 50 za zoezi la jana, kikokotoo kitahesabu namba saba na kukupa wastani wa 25.71 na mkengeuko wa 12.99. Dalili huonekana mapema ukiwa makini: kila unapobonyeza `M+` kuingiza namba, skrini huonyesha `n=`. Namba ya kwanza ikikuletea `n=3` badala ya `n=1`, simama hapo. Ukiwa ndani ya hali ya `SD`, bonyeza `SHIFT MODE 1 =`, ambayo ni `Scl`. Hiyo hufuta data za takwimu peke yake na kuiacha mipangilio yako kama ilivyo.

Kuhusu ukaguzi wenyewe, katika vituo nilivyosimamia tulianza nje ya chumba, kabla watahiniwa hawajakaa. Kikokotoo kilitolewa kwenye mfuko wake, tukasoma namba ya aina yake usoni, tukakigeuza nyuma, kisha tukatazama kifuniko ndani na nje. Kifuniko ndicho kilichotupa kazi, kwani kanuni zilizoandikwa kwa penseli nyepesi huonekana tu ukikiinamisha kwenye mwanga, na ndiyo maana vifuniko vyote tuliviacha nje, hata vilivyokuwa safi. Baada ya hapo tulimtaka mtahiniwa mwenyewe akifute mbele yetu. Nimewahi kuona kituo kimoja ambako msimamizi alivikusanya, akavifuta mwenyewe na kuvirudisha mezani bila kusema neno, na nadhani huo si utaratibu mzuri, kwa kuwa mtoto anapokea kifaa kilichobadilika huku akidhani ni kilekile.

Kwa hiyo kifute mwenyewe usiku wa kuamkia mtihani, ukirudishe kwenye mpangilio unaoutaka, na ukipokonywa au usipokonywe mlangoni, andika sin 30 mara ukikalia kiti. Kikokotoo cha mwenzako hutaruhusiwa kukiazima katikati ya karatasi. Na ukikutana na mtu mwenye fx-991ES PLUS, usimpe vitufe hivi: yeye hufuta kwa `SHIFT 9 3 =` kisha `AC`, na huenda radiani kwa `SHIFT MODE 4`.