Jibu: Koo kubana kwa sababu ya shingo

"Nafanya kazi ya ukarani hapa Mbeya. Kila jioni koo linabana na kuuma, lakini chakula kinapita vizuri. Je, ni shingo?"

Ndugu, inawezekana sana. Juu ya kongomeo kuna mfupa mdogo unaoshikiliwa na misuli inayotoka kwenye taya, kifua na bega, na kichwa kinapoinamia simu au kompyuta kwa saa nyingi, misuli hiyo hukaza na mtu huhisi donge, hasa anapomeza mate. Baridi ya Juni na Julai huongeza tatizo, kwa kuwa tunakaa tumekunja mabega.

Chunguza hivi: ikiwa asubuhi huna shida, jioni inarudi, na kubonyeza taratibu misuli ya pembeni mwa shingo kunaamsha maumivu yaleyale, shingo inahusika. Inua kioo kifike usawa wa macho, kisha kila baada ya nusu saa rudisha kidevu nyuma bila kukiinua, ushikilie sekunde 5, mara 10. Usisugue koo lenyewe kwa mbele.

Hata hivyo, chakula kikianza kukwama, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, ukipungua uzito au ukipapasa uvimbe, nenda ukapimwe hospitali bila kusubiri mazoezi.