Miguu kuvimba kila jioni kwa kusimama kaunta: nilivyoipima kwa tepu ya fundi

*"Shikamooni wakubwa. Mimi ni keshia duka la jumla hapa Kigoma mjini, mwaka wa pili sasa. Nasimama tangu saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku. Jioni viatu havinitoshi, asubuhi naamka miguu iko sawa. Juzi nimeona mshipa wa kijani umetokeza nyuma ya goti la kushoto, umejikunja kama mnyoo. Mama anataka nikandwe kwa mawese ya moto. Nifanyeje, na kiatu gani kinafaa?"*

Marahaba mdogo wangu, pole na kazi. Mimi ni fundi wa nguo, niko Mwanga hapa hapa Kigoma. Wengi wanajua fundi hukaa kwenye cherehani, lakini huyo ni anayeshona. Anayekata husimama mezani, na mimi nimekata miaka 11. Msimu wa sare za shule, Desemba mpaka Januari, nilikuwa nasimama masaa 10 hadi 12 juu ya saruji. Mishipa ilianza kunitokeza mwaka wa tano, baada ya mimba yangu ya pili. Nayajua maumivu hayo unayoyasema.

Kwanza tuondoe hofu kubwa. Uvimbe wa miguu yote miwili unaokuja jioni na kuisha ukilala mara nyingi ndio huu wetu wa kusimama. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo wala usikubali mtu aukande, maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiongezeka na kubanwa pumzi au kifua kuuma, ni dharura. Ukiamka asubuhi miguu bado imevimba, au uso nao umevimba, hapo moyo na figo vichunguzwe. Mjamzito anayevimba huku kichwa kinamuuma na macho yanaona maluweluwe asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Na kwa mnaosoma mkiwa mnatumia dawa za presha: amlodipini yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Msiiache wenyewe, mwambieni daktari.

Sasa nikueleze kitu ambacho ningekijua mapema kingeniokoa miaka. Kinachotuumiza hasa ni kusimama *bila kusogea*. Damu inashuka miguuni kwa urahisi, ila kupanda kurudi moyoni inahitaji kusukumwa, na anayeisukuma ni msuli wa shavu la mguu. Ukipiga hatua, msuli unabana mshipa na damu inapanda. Ndani ya mshipa kuna vilango vidogo vinavyofunguka kwenda juu tu, hivyo damu hairudi. Ukisimama tuli kaunta, msuli haubani kitu. Damu inajaa, na mgandamizo ndani ya mishipa ya kifundo cha mguu unafika kama 80 hadi 90 kwa kipimo kile kile cha presha. Ukitembea unashuka chini ya 30. Mgandamizo ule unapokuwa juu siku nzima, maji yanachujika kutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye nyama, ndiyo maana viatu havikutoshi. Miaka ikienda, mshipa unatanuka, vilango havikutani tena, damu inarudi chini na mshipa unajikunja kama huo wako. Wenye mama au bibi mwenye mishipa hiyo hupata upesi zaidi, na mimba huongeza.

Mimi nilihangaika sana kabla ya kuelewa hivyo. Jirani aliniambia nimekanyaga kitu. Mwingine alitaka nichanjwe chale nitolewe damu chafu. Nakusihi usikubali hilo la chale: mshipa ule una damu nyingi yenye nguvu, na kidonda cha hapo hukawia kupona. (Ukijikwaruza ukatoka damu, lala chini, inua mguu juu, gandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia.) Kosa langu mwenyewe lilikuwa bandeji ya kuvuta. Niliifunga chini ya goti tu, pale palipouma. Jioni hiyo mguu ulivimba kuliko siku zote, kwa sababu nilikuwa nimeifunga njia ya damu kwa juu.

Ndipo nikaamua kupima. Fundi hakosi tepu. Nilitia alama ya kalamu vidole vinne juu ya fundo la mguu wa kushoto, nikapima kila asubuhi kabla sijashuka kitandani na kila jioni kabla ya kuketi. Wiki ya kwanza sikubadilisha chochote: asubuhi sentimita 22.5, jioni 24.5, karibu kila siku. Baada ya hapo nikawa naongeza jambo moja kila wiki mbili, nijue lipi linasaidia nini.

Nilianza na viatu. Nilikuwa navaa ndala, na ndala inakulazimisha kuikamata kwa vidole siku nzima, huku soli yake ikiwa imekufa. Nikanunua raba ya mtumba yenye kisigino cha kama sentimita 2 na nusu. Maumivu ya nyayo yalipungua siku ya tatu, lakini tepu jioni ilisema 24.3. Yaani uvimbe ulikuwa pale pale. Hata hivyo kiatu kibaya kinaharibu mengine yote, kwa hiyo chagua hivi: kiwe na mkanda au mgongo unaoshika kisigino, kikunjike pale vidole vinapokunjikia na si katikati, na mbele ya kidole gumba pabaki nafasi ya upana wa kidole. Kijaribu jioni mguu ukiwa umevimba, maana kiatu cha asubuhi kitakubana saa 10. Kwenye mtumba, bonyeza soli kwa kidole gumba, isiporudi, imekwisha. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kikiinama upande mmoja kiache. Kisigino kirefu cha zaidi ya sentimita 5 usivae kazini, kwa sababu kifundo hakikunjiki vya kutosha na shavu la mguu linashindwa kusukuma. Ukikuta bosi wako anadai viatu virefu kaunta, hilo ni la kuzungumza naye.

Kisha nikaweka mkeka. Kwanza nilikata kipande cha godoro kuukuu, nikajuta; mguu unazama, unayumba, na kiuno kiliuma zaidi. Unaofaa ni mpira mgumu kidogo unaobonyea kwa shida, unene wa sentimita 1 hadi 2, ambao hautelezi na kingo zake zimelala ili wewe au mteja asijikwae. Nilitumia ile mikeka ya sponji nzito ya watoto inayounganishwa vipande kama fumbo, safu mbili, kingo nikazibandika kwa gundi ya utepe. Huchakaa baada ya miezi michache, ubadilishe ukiona alama za nyayo hazirudi. Mgongo na visigino vilipona kabisa. Tepu? 24.2. Mkeka unaondoa uchovu, lakini maji ya mguuni haujali.

Kilichoshusha namba ni mwendo. Kila nikimaliza kukata nguo mbili, kama nusu saa hivi, nilitembea hadi mlangoni na kurudi dakika mbili, halafu nikanyanyua visigino mara 20, polepole, nikishika meza. Chini ya meza niliweka tofali nililolifunga kitambaa, nikawa nakanyaga mguu mmoja juu yake, halafu mwingine. Mchana nililala chali kwenye mkeka dakika 15 miguu ikiwa juu ya kiti, juu kuliko kifua. Ukiketi huku umening'iniza miguu huwezi kupata kitu kile kile. Wiki mbili za hivyo, jioni nikawa napata 23.5.

Mwisho nikapata soksi za kubana, kutoka kwa ndugu aliyepita Dar. Hizi hubana zaidi kifundoni na kulegea zikipanda, na pakiti inaonyesha kiwango. Cha kuanzia kwa mtu kama wewe ni 15 hadi 20 mmHg, kipimo kile kile cha presha. Zinavaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba, zinavuliwa ukienda kulala, na usizikunje kwa juu, la sivyo utarudia kosa langu la bandeji. Mwenye kisukari, au ambaye miguu yake huwa baridi na kuuma akitembea, asivae kabla daktari hajapima damu inavyoshuka miguuni. Kwa joto letu hili zinachosha, sitakuficha. Lakini pamoja na mwendo, jioni tepu ikasema 23, na mikazo ya misuli ya usiku ikaniacha.

Mshipa wenyewe haukurudi ndani, na wako hautarudi. Vilango vikishaharibika, unajitahidi hali isizidi na unapunguza uzito na maumivu. Kuuondoa ni kazi ya daktari wa upasuaji: hutolewa, au huzibwa kwa sindano ya dawa. Haina haraka, isipokuwa ngozi upande wa ndani juu ya kifundo ikianza kuwa ya kahawia, ikiwasha na kukakamaa. Hapo ndipo vidonda sugu huanzia, na usingoje kitoboke.

Mawese ya mama mwambie asante, ayaweke kwenye mboga. Kupaka kwa upole hakuna neno, ila kukanda kwa nguvu na moto kunatanua mishipa ambayo tayari imetanuka.

Kwa upande wa bosi, mimi nilikuwa najiajiri, wewe hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa mapumziko ya angalau dakika 60 ukifanya kazi mfululizo zaidi ya masaa 5, na siku ya kawaida ni masaa 9. Yanayozidi ni ovataimu ya makubaliano. Lakini usianze na sheria. Mdogo wangu wa kike, naye keshia, aliomba stuli ndefu ya kufika kaunta, akamwambia mwajiri wake kwamba atapokea pesa ameketi na atasimama kufunga mizigo. Alijaribu wiki moja, foleni haikupungua kasi, stuli ikabaki. Omba hilo, na umwombe mwenzako mpokezane kaunta na kupanga rafu kila baada ya saa moja, kwani kwenye rafu unatembea.

Tafuta tepu, ni bei ndogo pale sokoni Mwanga. Pima miguu yote miwili, juu ya fundo na kwenye shavu la mguu, wiki nzima kabla hujabadilisha kitu, halafu andika namba hapa. Mguu mmoja ukiuzidi mwingine kwa sentimita 3 kwenye shavu, usisubiri jibu langu, nenda hospitali.