Ngoma ya sikio nzima, usikivu unapungua

"Dada yangu ana miaka 32, ngoma ya sikio ni nzima, lakini usikivu unapungua mwaka hadi mwaka. Kwa nini?"

Pole sana ndugu. Inafanana na otosklerosisi, ugonjwa wa mfupa wa ndani ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna mfupa wa kikuku, wa milimita 3 hivi, unaopeleka mtetemo sikio la ndani. Mfupa mpya huota pembezoni mwa unyayo wake na kuukaza polepole, na ngoma haionyeshi kitu.

Daktari wa masikio ampime kwa kile chuma cha meno mawili kinachovuma. Akikisikia zaidi kikigusa mfupa wa nyuma ya sikio kuliko kikiwa hewani, sauti inakwama kabla ya sikio la ndani. Kifaa cha kusikilizia humsaidia. Upasuaji huweka pistoni ndogo ipeleke mtetemo badala ya kikuku kilichokazwa, ila mara chache usikivu hupotea kabisa.