Kuongeza mwishoni mwa safu: maswali yenu kuhusu ile O(1)

Mwalimu, naomba unithibitishie tu: kuongeza kitu mwishoni mwa safu inayojipanua ni O(1), ndiyo au hapana? Maana naona ikijaa inanakili kila kitu upya.

Ndiyo, ukihesabu mfululizo mzima. Hapana, ukilitazama ongezo moja peke yake. Wengi mnaikariri ile O(1) na kuuacha nusu ya pili ya jibu, kisha mnashangaa programu inapokwama.

Shika kalamu. Safu ina nafasi 1, na kila inapojaa inahamia mahali penye nafasi mara mbili. Tunaingiza vipengele 17. Kinapokuja cha 2 hakuna pa kukiweka, kwa hiyo safu inaomba nafasi 2 na kuhamisha kipengele 1. Kinapokuja cha 3 inahama tena, ikibeba 2. Cha 5 kinaifanya ibebe 4, cha 9 kinaifanya ibebe 8, na cha 17 kinaifanya ibebe 16. Vyote vilivyobebwa ni 1 + 2 + 4 + 8 + 16, yaani 31. Jumlisha na kuandika vile vipengele 17 vyenyewe, unapata kazi 48. Gawa kwa 17: haifiki 3 kwa kila kipengele.

Tena hapo nimesimama pabaya makusudi, mara tu baada ya uhamisho mkubwa. Ningeendelea hadi 32, hakuna uhamisho mwingine ambao ungetokea, na kazi yote ingekuwa 63, chini ya 2 kwa kila kimoja.

Sababu yake iko kwenye ile hesabu ya kujumlisha. 1 + 2 + 4 + 8 ni 15, haifiki 16. Kila uhamisho unazidi zote zilizoutangulia zikiwekwa pamoja, kwa hiyo uhamisho wote haufiki mara mbili ya ule wa mwisho. Na ule wa mwisho hauwezi kubeba vipengele n, kwa kuwa umetokea ili kukipisha kipya. Basi kubeba hakufiki 2n, kuandika ni n, na jumla haifiki 3n hata n iwe kubwa kiasi gani.

Mnasema "kwa wastani". Sasa siku data yangu ikiwa mbaya, si itakuwa O(n) kila mara?

Swali hili nalipata mara kwa mara, na kosa ni letu tunaoliachia neno "wastani" lizurure ovyo. Kuna wastani wa kubahatisha, kama ule wa jedwali la heshi: unategemea funguo zimetawanyika vizuri, na zisipotawanyika unaumia. Huu wetu hauna bahati ndani yake. Data iwe yoyote, ije kwa mpangilio wowote, maongezo n hayafiki kazi 3n. Ni ahadi, na inashika hata katika hali mbaya kuliko zote. Utaratibu huu wa kutandaza gharama juu ya mfululizo mzima ndio Robert Tarjan aliouweka wazi katika makala yake ya mwaka 1985.

Ukitaka kuona kwa nini bahati haihusiki, fikiria kila kipengele kinapoingia kinalipa 3. Moja inalipia kuandikwa kwake, mbili zinabaki akiba. Sasa tazama safu iliyotoka kuhama kutoka nafasi 8 kwenda 16. Wale 8 wa zamani hawana akiba, imeishia safarini. Wanaingia wapya 8, kila mmoja na akiba ya 2, jumla 16. Safu inajaa, vipengele 16 vinatakiwa kubebwa, na akiba iliyopo ni 16 kamili. Kila mpya amejilipia nauli yake na ya mzee mmoja. Deni halitokei kamwe.

Kuzidisha mara mbili ni kupoteza kumbukumbu. Mimi safu yangu naiongezea nafasi 10 kila ikijaa. Kuna ubaya?

Ubaya upo, na ni mkubwa. Umeua kitu chenyewe kinacholeta O(1).

Ukiongeza 10 kila mara, unabeba 10, halafu 20, halafu 30, na kuendelea. Hapa uhamisho mmoja hauzidi yote iliyoutangulia. Unakuwa mkubwa kidogo tu kuliko ule wa jana yake, kwa hiyo inarundikana. Kwa vipengele milioni 1 utahama mara 99,999 na kubeba jumla ya vipengele 49,999,500,000, karibu bilioni 50. Anayezidisha mara mbili kuanzia nafasi 1 atahama mara 20 na kubeba 1,048,575. Na usidhani kuweka 1,000 badala ya 10 kutakuokoa: unagawa gharama kwa mia moja, lakini bado inakua kwa mraba wa n.

Kuhusu kumbukumbu una hoja, ila dawa yake si hiyo. Punguza kizidishi, usikiondoe. `ArrayList` ya Java inakua kwa nusu ya ukubwa wake, yaani mara 1.5. Kwa kizidishi hicho kubeba hakufiki 3n badala ya 2n, na nafasi tupu zinapungua. Kizidishi chochote kinachozidi 1 kitakupa muda usiobadilika. Unachochagua ni ulipe kwa kubeba au ulipe kwa nafasi zinazokaa wazi.

Je, `insert(0, x)` nayo ni O(1)?

Hapana: kila kilichomo kinasogea hatua moja, kila mara, hata nafasi zikiwepo tele.

Nilisoma kwamba `reserve` inaharakisha `std::vector`, nikaiweka kabla ya kila `push_back`. Programu imekuwa nzito zaidi. Kwa nini?

Asante kwa kuuliza, maana kosa hili nimelilipia mwenyewe. Niliwahi kukabidhiwa programu ya kusoma rekodi iliyokuwa nyepesi kwenye faili dogo la majaribio na kuganda kwenye faili halisi. Nilipoteza siku mbili nikishuku diski. Ndani ya kitanzi mlikuwa na hii:

```cpp
for (const auto& r : rekodi) {
    v.reserve(v.size() + 1);
    v.push_back(r);
}
```

Inaonekana ya adabu: naomba nafasi kabla ya kuitumia. Lakini `reserve` katika maktaba ya GCC inapotakiwa kupanua inatoa nafasi zile zile ulizotaja, bila ziada. `push_back` ikiachwa yenyewe, maktaba hiyo huzidisha mara mbili. Wewe umeipokonya kazi hiyo na kuamuru ikue kwa 1 kila safari. Kwa rekodi 100,000 unabeba 0 + 1 + 2 na kuendelea hadi 99,999, jumla 4,999,950,000.

Itoe nje ya kitanzi, uiite mara moja kwa idadi nzima:

```cpp
v.reserve(v.size() + rekodi.size());
```

Kama hujui idadi, usiiite kabisa. Na hata hii iliyosahihishwa inarudi kuwa sumu ukiiweka ndani ya fanksheni inayopokea rekodi tatu tatu na kuitwa mara elfu nyingi. Waliotengeneza Rust waliliona hili: `reserve` ya `Vec` inaruhusiwa kuchukua ziada ili gharama itandazike, na anayetaka kipimo kamili analazimika kuandika `reserve_exact`.

Namna ya kulitambua tatizo bila kusoma msimbo wote: pima muda kwa n, kisha kwa 2n. Muda ukiongezeka takriban mara mbili, uko salama. Ukiongezeka mara nne, huenda kuna mahali safu inakua kwa kiasi kisichobadilika. Au chapisha `v.capacity()` kila inapobadilika, uangalie kama hatua zinarefuka.

Listi ya Python haizidishi mara mbili, nimeangalia. Kwa hiyo `append` yake si O(1)?

Ni O(1) vile vile. Vizuri umeangalia kwa macho yako, wengine nao waangalie:

```python
import sys
a, kabla = [], 0
for i in range(40):
    a.append(i)
    s = sys.getsizeof(a)
    if s != kabla:
        print(len(a), s)
        kabla = s
```

Kwenye CPython 3.9 na za baadaye, mashine ya biti 64, utaona baiti 88 kwa kipengele cha kwanza, halafu 120 kinapoingia cha 5, 184 cha 9, 248 cha 17, 312 cha 25. Ukitoa 56 za listi tupu na kugawa kwa 8, nafasi ni 4, 8, 16, 24, 32. Hatua hizo za 8 mwishoni ndizo zinazowatisha watu wakadhani inakua kwa kiasi kisichobadilika. Endelea mbele utaona zinarefuka, kwa sababu ziada ni takriban sehemu moja ya nane ya urefu. Kizidishi ni kama 1.125, na kwa kizidishi hicho kubeba hakuvuki karibu 9n. Ni zaidi ya 2n, lakini bado ni n mara namba isiyobadilika.

Safu ikipungua, niipunguzie nafasi ikifika nusu?

Usithubutu. Safu ya 16 imejaa, unaongeza kimoja, inabeba 16 kwenda nafasi 32. Unakitoa, imebaki nusu, inabeba 16 kurudi. Unaongeza tena. Kila tendo sasa linabeba 16, na kwenye safu ya milioni linabeba milioni. Subiri ibaki robo ndipo uipunguze kwa nusu, hapo kila upande utakuwa umekusanya akiba ya kutosha kabla ya uhamisho unaofuata.

Programu yangu ya sauti hukatika kwa kufumba na kufumbua, halafu inaendelea sawa. Nimeambiwa si safu kwa sababu ni O(1).

Aliyekuambia hivyo amekupotosha. Ahadi inahusu jumla ya kazi, na msikilizaji wako hasikii jumla, anasikia lile ongezo moja lililobeba vipengele 1,048,576 wakati sauti inasubiri. Mahali penye muda mkali, chukua nafasi zote kabla ya kuanza na usiruhusu safu ihame. Kama ukubwa haujulikani, shikilia safu mbili, ya zamani na mpya iliyo kubwa mara mbili, na kwa kila ongezo hamisha vipengele viwili vya zamani. Ya zamani itakuwa imeisha kabla mpya haijajaa, na hakuna ongezo litakalobeba zaidi ya hivyo viwili. Kuitenga ile safu mpya nako kunaweza kuchukua muda, kwa hiyo itengwe nje ya uzi wa sauti.

Na kwa kuwa unaandika kwa C++, kagua kitu kimoja zaidi kabla hujalala leo. Kielekezi chochote ulichokishika ndani ya `std::vector` kinakufa pale `push_back` inapoihamisha. Kwa maongezo mengi hakitatokea kitu, kisha lile la uhamisho litakuachia anwani ya nyumba iliyokwisha hamwa. Hifadhi namba ya nafasi badala ya anwani.