Risasi ya Watson: kosa la mwandishi au badiliko la makusudi?

Daktari Watson alipigwa risasi begani. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe katika riwaya ya kwanza ya Conan Doyle kuhusu mpelelezi Sherlock Holmes na rafiki yake Watson, iliyotoka 1887: vita vya Maiwand, Afghanistan, risasi ikavunja mfupa wa bega na kukwaruza mshipa mkubwa wa damu. Riwaya ya pili ikatoka 1890, na humo Watson yuleyule amekaa akiuguza mguu. Anasema risasi ilipita mguuni, kwamba anaweza kutembea, ila unamuuma kila hali ya hewa inapobadilika. Hakuna anayeshangaa, na bega halitajwi.

Wasomaji wamebishana juu ya jeraha hili kwa zaidi ya miaka mia, na ubishi wenyewe unafundisha mengi, kwa sababu karibu wote huanzia pale pasipostahili kuanziwa. Shabiki akiona tofauti, kitu cha kwanza anachotafuta ni maelezo. Labda risasi zilikuwa mbili. Labda Watson alikuwa ameinama, risasi ikaingia begani ikatokea mguuni. Labda alikuwa anaona aibu kutaja mahali penyewe. Maelezo kama haya hayakosekani kamwe, na ndiyo maana hayathibitishi chochote. Maelezo hujibu swali la "inawezekanaje ndani ya hadithi?" Swali linalobishaniwa ni jingine kabisa: mwandishi alipoandika "mguu", alijua kwamba zamani aliandika "bega"? Hilo halijibiwi kwa kubuni. Linajibiwa kwa kuchunguza maandishi, na kuna utaratibu wake.

Kwanza nakili maneno yenyewe, neno kwa neno, kutoka pande zote mbili, na uandike ni nani anayeyasema. Ubishi mwingi huishia hapa, kwa kuwa mmoja wa wabishi alikuwa anategemea kumbukumbu. Mfano mzuri ni kifo cha Holmes. Utasikia mtu akisema mwandishi alijipinga, kwa sababu Watson alimwona Holmes akitumbukia kwenye maporomoko ya maji, kisha Holmes akarudi mzima. Fungua hadithi yenyewe, ya Desemba 1893. Watson hakuona mtu yeyote akianguka. Alikuta fimbo ya Holmes, barua, na nyayo za watu wawili zinazoelekea ukingoni, wala hakuna unyayo hata mmoja unaorudi. Kifo ni jambo alilokisia kutokana na nyayo. Msimulizi anayekisia na msimulizi aliyeshuhudia hawana uzito mmoja, na mhusika anayesema uongo ana uzito mdogo zaidi. Kama unasoma tafsiri au unategemea maandishi ya chini ya skrini, rudi kwenye lugha ya asili kabla ya kumlaumu mtunzi, maana kosa linaweza kuwa la mfasiri.

Pili, panga ushahidi kwa tarehe ya kutoka, usipange kwa tarehe za ndani ya hadithi. Anayeteleza au kubadilisha ni mwandishi, naye aliandika kimoja kabla ya kingine. Kitabu kinachosimulia matukio ya awali lakini kilichotoka miaka ishirini baadaye ni ushahidi wa baadaye. Pia andika umesoma toleo gani. Katika toleo la kwanza la Hobbit, riwaya ya Tolkien, la 1937, kiumbe aitwaye Gollum yuko tayari kutoa pete yake iwe zawadi kwa atakayemshinda kwenye mafumbo. Katika toleo la 1951 sura hiyo imeandikwa upya, na Gollum anakusudia kuua. Watu wawili wenye nakala mbili tofauti wanaweza kubishana usiku kucha na kila mmoja akawa mkweli kwa kitabu alichoshika. Kisa hicho kinaonyesha pia badiliko la makusudi likiwa limekamilika: Tolkien hakuishia kufuta, bali katika kitabu kilichofuata, cha 1954, akaeleza kwamba simulizi ya zamani ilikuwa uongo wa Bilbo, mhusika mkuu aliyeipata pete hiyo, aliyetaka umiliki wake wa pete uonekane wa haki. Toleo la zamani likageuzwa kuwa jambo lililotokea ndani ya hadithi.

Hapo ndipo kwenye kipimo tunachokitegemea kuliko vyote. Uliza kama hadithi ya baadaye inagharimia tofauti hiyo. Kugharimia maana yake ni kuipa nafasi: mhusika anashtuka, mtu anauliza, jambo fulani linatokea kwa sababu ya badiliko, au hadithi inarudi kwenye sentensi ileile ya zamani na kuipa maana mpya. Mwandishi anayebadilisha kwa kujua huwa anajua wasomaji wake wanakumbuka, kwa hiyo lazima azungumze na kumbukumbu hiyo. Anayeteleza hazungumzi nayo, kwa sababu haoni kama kuna tofauti.

Weka kurudi kwa Holmes kwenye mizani hiyo. Hadithi ya 1903 inagharimia sana. Watson anazimia. Holmes anaeleza kwamba adui yake, Profesa Moriarty, alianguka peke yake, na anashughulika na nyayo zilezile za 1893: alijua akirudi kwa njia ya kawaida ataacha alama, akafikiria hata kugeuza viatu vyake kinyumenyume, akaamua kupanda mwamba. Miaka mitatu ya kutoonekana kwake inapewa sababu, na adui mwingine anayemwinda ndiye anayesukuma kisa kizima. Huwezi kuandika hivyo bila kuwa na hadithi ya zamani mbele yako au kichwani. Conan Doyle hakupanga kurudi huko alipoandika kifo, hilo ni jambo jingine. Badiliko linaweza kuwa la makusudi kabisa bila kuwa limepangwa tangu mwanzo. Mashabiki huyachanganya haya mawili kila siku. Mmoja anathibitisha kwamba hapakuwa na mpango, kisha anatangaza kwamba basi ni kosa. Haifuati.

Sasa weka bega na mguu kwenye mizani hiyohiyo. Hakuna aliyegharimia chochote. Jeraha la mguu linatajwa kwa kupita tu, kisa hakilitegemei, na ukiweka neno "bega" mahali pake hakuna kinachoharibika isipokuwa habari ya kutembea. Hii ndiyo sura ya kosa la kawaida: jambo dogo, lisilosukuma kisa, lililoandikwa kwa kukumbuka baada ya miaka kadhaa bila kufungua kitabu cha kwanza. Mwandishi alikumbuka kwamba Watson ana jeraha la Afghanistan, akasahau liko wapi. Kinachodumu kichwani ni kazi ya jambo katika hadithi, na kinachopotea ni mahali pake, jina lake au tarehe yake. Ndiyo maana majina ya pili, miaka ya kuzaliwa, idadi ya ndugu na rangi za macho hukosewa mara nyingi, ilhali ni nadra sana mwandishi kusahau nani alimsaliti nani.

Kuna sentensi moja ya 1892 inayostahili kutazamwa kwa karibu. Hapo Watson analalamika kwamba risasi inamuuma katika "kimojawapo cha viungo vyangu". Hasemi mkono, hasemi mguu. Inashawishi kuamini kwamba wakati huo mwandishi alikwisha kugundua tofauti na sasa anaikwepa. Tunaona ni dalili, lakini dalili dhaifu, kwani mtu anaweza kusema hivyo bila kukwepa lolote. Na hata ingekuwa kweli alikwepa, ingethibitisha tu kwamba ya 1890 ilikuwa kosa, maana mtu hakwepi jambo alilolibadilisha kwa kutaka.

Kipimo cha gharama kinasaidia pia kwenye mfululizo wa televisheni, ila huko ongeza hatua moja: tenga kwanza tofauti za ndani ya onyesho moja. Glasi iliyojaa, kisha nusu, kisha imejaa tena, ni matokeo ya mhariri kuunganisha vipande vilivyopigwa kwa nyakati tofauti. Hizo zitupe kando, hazina la kubishania. Zinazobaki ni zile zinazovuka sehemu au misimu, na hapo angalia majina ya waandishi na mpangilio wa utengenezaji, kwa kuwa sehemu zinaweza kurushwa kwa mpangilio tofauti na ule zilioandikwa. Tofauti inayotokea kati ya waandishi wawili, bila mtu kushtuka, inaelekea upande wa kosa.

Kipimo hiki kina mahali kinapochechemea, na ni haki kupaonyesha. Katika hadithi ya 1893, Holmes anamuuliza Watson kama amewahi kumsikia Profesa Moriarty, naye anajibu kwamba hajawahi. Kisa hicho kimewekwa mwaka 1891. Halafu ikatoka riwaya ya mwisho, iliyochapishwa kwa mfululizo kuanzia 1914, ambayo matukio yake yamewekwa mwishoni mwa miaka ya 1880, na humo Watson anamfahamu Moriarty vizuri kabisa. Hakuna anayeshtuka na hakuna maelezo, kwa hiyo kwa kipimo cha gharama lingekuwa kosa. Lakini hapa jambo lenyewe si dogo. Moriarty ndiye kivuli kilichotanda juu ya riwaya nzima, na swali lile la 1893 ni la hadithi mashuhuri kuliko zote. Tunaliweka kwenye fungu la tatu: mgongano uliovumiliwa. Mwandishi alimhitaji adui huyo, adui alikwisha kufa, hivyo ikabidi kisa kirudi nyuma, na jibu moja la Watson likaachwa lidhurike. Fungu hili litumie kwa uchache, na kwa sharti moja: uonyeshe ni kitu gani riwaya ingekosa kama mgongano ungeepukwa. Ukishindwa kukitaja, rudisha kwenye fungu la makosa.

La mwisho ni tofauti zinazohama fungu. Waklingoni, jamii ya viumbe wa sayari nyingine katika Star Trek, kwenye mfululizo wa miaka ya 1960 wana vipaji vya nyuso laini kama binadamu. Katika filamu ya 1979 wana matuta ya mfupa, na hadithi haisemi neno: watengenezaji walikuwa na vipodozi bora zaidi, wakavitumia. Mwaka 1996 sehemu moja ilichanganya picha za zamani na wahusika wapya, wenzake Worf, ambaye ni Mklingoni, wakaona tofauti na kumuuliza, naye akajibu kwamba wao hawalizungumzii jambo hilo na watu wa nje. Mwaka 2005 sehemu mbili zikatoa sababu kamili, ya virusi vilivyobadilisha sura zao. Basi ukiulizwa ni kosa au ni makusudi, toa hukumu mbili zenye tarehe. La 1979 ni badiliko la utengenezaji ambalo hadithi haikulijua. Tangu 1996 hadithi inalijua na inaligharimia. Anayesema "ilielezwa, kwa hiyo ilikusudiwa tangu awali" anachukua tarehe ya 2005 na kuibandika juu ya 1979.