Ankara mbili, kiasi kimoja

"Wateja wawili wamelipa kiasi kilekile siku moja. Nitajuaje malipo yapi ni ya mauzo yapi?"

Ndugu, usilinganishe kwa kiasi. Mauzo yanaposajiliwa, mfumo uyape namba ya kumbukumbu ya malipo isiyojirudia, uihifadhi kwenye rekodi ya mauzo hayo, ndipo utoe ankara. Katika namba kama RF18539007547034, tarakimu mbili baada ya RF, yaani 1 na 8, hukokotolewa kutokana na zinazofuata, hivyo mteja akikosea tarakimu moja, ukaguzi utaibaini.

Taarifa ya malipo ikifika, mfumo utafute namba kwanza, kisha ulinganishe kiasi: aliyedaiwa 50,000 akilipa 30,000, ankara ibaki wazi kwa 20,000 chini ya namba ileile. Malipo yasiyo na namba yawekwe kando hadi mlipaji athibitishe. Kubahatisha huishia kwa mhasibu.