Re: Kuvunja mkataba wa Kosta ya wafanyakazi

> "Mwenye Kosta anachelewa kila asubuhi. Tunaweza kumwachisha mwezi huu huu bila kudaiwa?"

Habari, mkuu. Kabla ya yote fungua kifungu cha kusitisha mkataba, uone notisi ni siku ngapi na zinahesabiwa kuanzia lini. Tukiwa kiwandani Dar tuliandika barua tarehe 28 Machi, kampuni ikaipokea 3 Aprili. Mkataba ulisema siku 30 tangu kupokelewa, kwa hiyo gari tulililipia hadi 3 Mei. Peleka barua kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Simu na WhatsApp wataruka.

Ukitaka kumtoa mapema kwa sababu ya uchelewaji, mikataba mingi inadai kwanza onyo la maandishi na muda wa kujirekebisha. Hapo daftari la getini ndilo ushahidi: saa ya kufika, namba ya gari, saini ya mlinzi. Ankara ya mwisho ilinganishe na daftari hilohilo.

Angalia pia dereva analipwa na nani. Akiwa kwenye mishahara yenu, huyo ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa notisi isiyopungua siku 28 kama analipwa kwa mwezi, na lazima kuwe na sababu halali.